Kisu ambacho dereva hakukiona

Jumamosi iliyopita nilipita Ujiji kunywa kahawa, na kabla kikombe cha pili hakijapoa baraza lilikuwa limekwisha kumfunga miaka 30 kijana mmoja wa bodaboda aliyedaiwa kuwasubiri nje wenzake wakiiba. Mzee mmoja mstaafu, msomi na mtu ninayemheshimu, alisema kwa utulivu wa hakimu anayesoma hukumu: "Injini ilikuwa inawaka, mama wakili. Unataka ushahidi gani tena?" Kijana mwingine wa bodaboda, aliyekuwa ameketi juu ya pikipiki yake pembeni, akajibu kwamba aliyebaki nje hajaingia, na ambaye hajaingia hajaiba. Niliondoka nimeudhika na wote wawili, ingawa aliyeniudhi zaidi ni mzee, kwa sababu yeye husikilizwa.

Kisa walichokuwa wakikijadili sitakigusa, nitatunga changu. Vijana wawili wanamfuata dereva kijiweni Mwanga na kumwambia kwamba wakala fulani wa pesa hufunga kibanda chake saa mbili usiku na kutembea peke yake na mkoba. Mpango ni kumkwapulia mkoba, kukimbia hadi kwenye pikipiki na kutokomea kuelekea Gungu, na dereva ataondoka na shilingi 200,000. Dereva anakubali. Asichokijua ni kwamba mmoja wao ana kisu cha kukunja mfukoni mwa jaketi. Wakala anang'ang'ania mkoba, kisu kinatoka, anachanwa mkono, mkoba unachukuliwa, na dereva aliyesimama kwenye kona ya pili anawabeba na kuondoka.

Kwamba kijana wa pikipiki amekosea ni jambo la sentensi moja: kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mkosaji mkuu hata yule ambaye kazi yake ilikuwa kusaidia tu, na kumsubiri mwizi ili umkimbize ni msaada wa wazi kabisa. Dereva huyu ni mwizi, wala simtetei. Swali ni kama yeye pia ni mnyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana, ambalo hakimu akishamtia mtu hatiani hana ruhusa ya kushuka chini ya miaka 30, hata awe na huruma kiasi gani.

Hapo ndipo mzee wangu alipopotea, na wako mawakili wanaopotea pamoja naye. Kifungu cha 23, ambacho ndicho chenye nia ya pamoja, hakisemi kwamba walioondoka pamoja wanafungwa pamoja. Kinataka kwanza watu wawili au zaidi wawe wamekusudia kwa pamoja jambo lisilo halali. Kisha, katika kulitekeleza jambo hilohilo, litendeke kosa ambalo kwa aina yake lilikuwa tokeo lenye uwezekano mkubwa wa kufuata. Tokeo la nini? La mpango wao, si la tabia ya mwenzao mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza dereva alijua nini kuhusu kisu, ni lazima tuulize walikubaliana nini pale kijiweni, maana mpango ndio kipimo, na kisu kinapimwa kwa mpango.

Jaribuni kuubadilisha mpango, mwone jinsi jibu linavyogeuka. Kama waliambiana kwamba wataingia ndani ya kibanda kitupu usiku wa manane, kuchanwa kwa mtu hakukuwa kwenye ramani kabisa. Kama walijua kwamba pana mlinzi, na mmoja akasema "yule niachieni mimi", dereva aliyesikia maneno hayo na bado akawasha pikipiki hawezi kudai kwamba kisu kilimshangaza. Na kama walikubaliana kumpiga wakala kabari, basi nakiri, kwa shingo upande, kwamba hoja yangu yote kuhusu kisu haimsaidii dereva: tangu marekebisho ya mwaka 2011 tuna kosa la unyang'anyi wa kikundi, ambalo linatosheka na wizi wa zaidi ya mtu mmoja wenye nguvu au vitisho, bila silaha yoyote, na adhabu yake nayo huanzia miaka 30.

Lakini kukwapua na kukimbia? Hapa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ina kazi ya kufanya, na nimechoka kuona kazi hiyo ikiepukwa kwa kumwita shahidi aliyeona pikipiki ikisubiri. Pikipiki inayosubiri inathibitisha wizi, kisu haikithibitishi. Wala sidai kwamba tupasue kichwa cha dereva tuone alichokijua, kwani mahakama zetu, tangu shauri la Tabulayenka la mwaka 1943 katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, zimekubali kwamba nia ya pamoja inaweza kusomwa katika kuwapo kwa mtu, matendo yake na kutojitenga kwake na wenzake. Basi isomwe kwa makini. Panga la futi mbili lililofungwa kwenye kiroba halifichiki kwenye pikipiki iliyopakia mishikaki, ambapo kifua cha abiria kimegusa mgongo wa dereva. Kisu cha kukunja kinafichika hata kwa mke wa mwenye jaketi. Namba ya pikipiki ilizibwa kwa tope? Hiyo ni dalili ya mpango, si ya silaha. Je, watatu hao wamewahi kutoka pamoja, na safari ile kisu kilitumika? Hiyo ndiyo ingenitia hofu kama ningekuwa namtetea.

Kisha kuna maelezo ya onyo ya mwenye kisu, anayesema polisi kwamba "dereva alijua kila kitu". Ajabu ni jinsi watu wanavyopata kumbukumbu nzuri wakiwa wanatafuta wa kugawana naye mzigo. Maungamo ya mshtakiwa mmoja yanaweza kuzingatiwa dhidi ya mwenzake, lakini Sheria ya Ushahidi inakataza kumtia mtu hatiani kwa maungamo hayo peke yake.

Wako pia wenzangu vijana wanaokuja na hukumu ya Jogee ya Uingereza ya Februari 2016, iliyosema kwamba kuona mbele kuwa mwenzako anaweza kutenda kosa ni ushahidi wa nia tu, si nia yenyewe. Hukumu nzuri, lakini sisi tuna kifungu kilichoandikwa, chenye maneno yake, na ni maneno hayo yanayopaswa kubishaniwa Kigoma.

Na wakala angekufa? Hapo ndipo usingizi unanipaa, kwa sababu tafsiri ya dhamira ya kuua katika kifungu cha 200 inagusa hata nia ya kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu, na adhabu ya mauaji ya kukusudia ni moja tu. Mzee aliyemfunga kijana kwa kikombe cha kahawa angemnyonga kwa kashata.

Nilipokuwa napanda pikipiki kurudi nyumbani, kijana yule, ambaye ndiye aliyenibeba, alikaa kimya hadi tulipokaribia Mwanga, kisha akauliza: "Mama, na yule dereva angesikia mayowe akaondoka akawaacha?" Nikamwambia kwamba makubaliano ya kuiba yangebaki shingoni mwake, maana kukimbia dakika ya mwisho bila kuwazuia wenzako hakufuti ulichokwisha kukisaidia, ila kuhusu kisu, ningemwomba hakimu aulize ni mtu gani aliyejua kuwa kisu kipo halafu akatoroka aliposikia mayowe. Akapunguza mwendo kwenye tuta, akasema, "Kwa hiyo bado ni kesi." Nikamjibu kwamba ndiyo, bado ni kesi, ila si ile ya miaka 30.