Nafasi kati ya safu za sola: kivuli cha Dodoma si kivuli cha Munich

"Kiwanja changu kiko Dodoma, mita 40 kutoka kaskazini kwenda kusini. Fundi wa kwanza anasema niache kati ya safu na safu nafasi mara tatu ya kimo cha paneli. Wa pili anasema nusu mita inatosha. Nimsikilize nani?"

Kanuni ya fundi wa kwanza ni ya kweli, ila kwao ni mbali. Mjini Munich, mchana wa tarehe 21 Desemba, jua hufika digrii 18 tu juu ya upeo, na kitu cha mita moja hulaza kivuli cha mita tatu. Dodoma iko digrii 6 hivi kusini mwa ikweta. Paneli zake hutazama kaskazini, na siku ya kivuli kirefu ni tarehe 21 Juni, jua linapokuwa limeelemea kaskazini. Hata siku hiyo, mchana jua liko digrii 60.

Tuchukue paneli yenye urefu wa mita 2.28, upande mrefu ukipanda juu, imeinamishwa digrii 15. Ukingo wake wa juu unapita wa chini kwa sentimita 59. Hicho ndicho kimo cha kuhesabia. Wengi hupima kutoka ardhini, wakajumlisha na urefu wa miguu ya fremu, ilhali safu ya nyuma nayo imeinuliwa na miguu hiyo hiyo.

Tarehe hiyo ya Juni, zikiwa zimebaki saa tatu jua lifike kileleni, jua liko digrii 37 juu, nalo limekaa kaskazini-mashariki, digrii 54 kutoka kaskazini. Kwa sababu hiyo kivuli kinalala kimshazari. Kinachotuhusu ni ile sehemu inayokwenda kusini, kuelekea safu ya nyuma, nayo ni sentimita 46. Anayetumia urefu wa jua peke yake bila mwelekeo atapata sentimita 78, na hapo tayari amepoteza ardhi bure.

Kwa hiyo fundi wa pili amekaribia. Lakini saa hizo ni za jua, si za ukutani. Dodoma mwezi Juni jua hufika kileleni kama saa sita na dakika 39, hivyo nusu mita inakupa safu zisizo na kivuli kuanzia saa tatu na robo asubuhi hivi. Kabla ya hapo ukingo wa chini wa kila safu ya nyuma umo kivulini, na Juni Dodoma ni kiangazi, asubuhi mara nyingi haina mawingu. Jua hilo lipo kweli, si la kwenye karatasi.

Hasara ya kivuli hicho inategemea paneli uliyonunua. Ya zamani ina dayodi tatu, kila moja ikilinda theluthi ya seli, na theluthi hizo zimepangwa kwa urefu wa paneli. Upande mrefu ukipanda juu, kivuli chembamba cha chini kinazigusa zote tatu, na karibu paneli nzima inalala. Ile yenye seli zilizokatwa nusu hupoteza nusu ya chini, nusu ya juu ikaendelea. Mwenye paneli za zamani asibane safu kama jirani yake mwenye mpya.

Sasa ardhi. Kila paneli inafunika mita 2.20 za udongo. Kwa kanuni ya mara tatu, yaani mita 1.77, kiwanja chako kinaingiza safu 10. Kwa sentimita 46 zinaingia 15. Tofauti hiyo ni nusu nzima ya mtambo, na ninaelewa kwa nini fundi wa pili anaing'ang'ania.

Hata hivyo mimi nisingeweka 46. Vumbi la Dodoma linataka mtu apite na ndoo na brashi ya mpini mrefu, na mvua zikifika apite na fyekeo kabla majani hayajafikia ukingo wa chini, maana majani nayo ni kivuli. Mtu huyo anahitaji sentimita 90. Zikiwekwa hizo, safu zinakuwa 13, na kivuli kinaondoka muda mfupi baada ya saa mbili asubuhi, siku iliyo mbaya kuliko zote. Karibu na ikweta, kwa mwinamo mdogo kama huu, njia ya mfagiaji ndiyo inayoamua nafasi. Kivuli kinafuata nyuma yake.

Hesabu hii inadai ardhi iwe tambarare kweli. Safu ya mbele ikiwa juu ya ile ya nyuma kwa sentimita 10, ongeza kama sentimita 8 kwa saa ile ya sentimita 46. Kabla ya kumwaga zege, vuta kamba yenye pima maji kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho. Kama ulishafunga, nenda uwanjani Juni, saa tatu asubuhi, uinamie kingo za chini: mstari mweusi ulionyooka, sawa katika kila safu ya nyuma, maana yake nafasi ni ndogo. Ukionekana kwenye safu moja tu, miguu ya fremu haijalingana.