Koni ya mtikisiko: opsheni iliyo juu si lazima iwe ghali

Opsheni ya mwezi mmoja ikiwa na mtikisiko tarajiwa, yaani ule unaosomeka kwenye bei za opsheni, wa 30%, je, ni ghali? Namba hiyo peke yake haina jibu. Kwenye hisa moja, 30% kwa mwezi mmoja ni jambo la kawaida, lakini 30% kwa mwaka mzima kwenye hisa hiyo hiyo huenda haijawahi kuonekana. Ndiyo maana Galen Burghardt na Morton Lane walipoieleza koni ya mtikisiko mwaka 1990, mchoro unaoonyesha mtikisiko wa zamani kwa kila urefu wa muda, kila muda wa opsheni waliupimia na historia yake wenyewe.

Kuichora si kazi ngumu. Unachukua bei za kufunga za kila siku na kupata logi ya badiliko la kila siku. Kisha unapima mchepuko sanifu wa siku 21 mfululizo, unauzidisha kwa kipeuo cha pili cha 252 ili uwe kipimo cha mwaka, halafu unasogea siku moja mbele na kurudia hadi mwisho wa data. Unafanya hivyo hivyo kwa siku 42, 63, 126 na 252. Kwa kila urefu unaweka alama kwenye thamani ya chini kabisa, ya katikati, ya juu kabisa, na nyingine mbili tatu za kati. Upande wa muda mfupi hutanuka, kwa sababu mwezi mmoja unaweza kuwa shwari kabisa au ukawa wa dhoruba. Upande wa muda mrefu hubanana, kwa kuwa shwari na dhoruba huchanganyika ndani ya mwaka mmoja. Mwisho unaweka juu yake mtikisiko tarajiwa wa leo, nukta moja kwa kila tarehe ya kuisha.

Wengine huijenga koni kwa historia ya mtikisiko tarajiwa wenyewe badala ya ule halisi uliopimwa kwenye bei za hisa. Hilo lina mantiki yake, maana bei za opsheni kwa kawaida hubeba malipo ya ziada kwa anayeuza kinga, hivyo mtikisiko tarajiwa mara nyingi hukaa juu ya ule unaokuja kutokea. Ukiulinganisha na koni ya mtikisiko halisi, nukta zako zitaonekana ziko juu hata siku ambayo soko halina lolote. Lakini ukiulinganisha na historia yake wenyewe, unajua tu kama opsheni zimepanda kuliko zilivyozoeleka. Hujui kama aliyeziuza zamani alipata faida. Mimi huziangalia zote mbili, na zikipingana huiamini zaidi ile ya mtikisiko halisi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha gharama ya kweli ya kukaa na opsheni hadi iishe.

Wanaoitegemea koni kuuza wana hoja nzito. Mtikisiko una tabia ya kurudi kwenye kiwango chake cha kawaida. Tarehe 5 Februari 2018 VIX, inayopima mtikisiko tarajiwa wa siku 30 wa fahirisi ya S&P 500, ilifunga kwenye 37.32. Kabla mwezi haujaisha ilikuwa imewahi kushuka chini ya 20. Desemba 24 mwaka huo huo ilifunga kwenye 36.07, na katikati ya Januari 2019 ilikuwa tena chini ya 20. Aliyeuza opsheni nukta ilipokuwa kileleni mwa koni alilipwa vizuri mara zote mbili.

Sasa tazama tarehe 28 Februari 2020. VIX ilifunga kwenye 40.11, juu kuliko vilele vyote viwili vya 2018. Koni ya miaka michache iliyotangulia ingesema uza. Tarehe 12 Machi S&P 500 ilianguka takriban 9.5% kwa siku moja, siku iliyofuata ikapanda zaidi ya 9%, na tarehe 16 Machi ikaanguka tena takriban 12%. Siku hiyo VIX ilifunga kwenye 82.69. Mtikisiko wa 40% unamaanisha mwendo wa kama 2.5% kwa siku, kwa hiyo muuzaji wa 40 alikuwa ameuza kwa bei ya kutupa. Koni ilisema kweli kwamba 40 ni nadra. Kuwa nadra na kuwa ghali ni mambo mawili, na kwenye kilele cha koni ndipo yanapoachana kwa hasara kubwa kuliko kwingine kote.

Lakini si lazima soko lote litikisike ndipo koni ipotoshe. Chukua hisa ya mfano ambayo thamani ya katikati ya koni yake ni 22% kwa mwezi mmoja na pia kwa miezi miwili. Leo opsheni ya mwezi mmoja iko 30% na ya miezi miwili 26%. Nukta zote mbili ziko juu, na mtu wa haraka ataona onyo mara mbili. Hebu tuzifungue. Mtikisiko hujumlishwa kwa mraba wake ukizidishwa na muda: miezi miwili inatoa 0.26² × 2 = 0.1352, na mwezi wa kwanza 0.30² × 1 = 0.09. Inabaki 0.0452 kwa mwezi wa pili, na kipeuo chake ni kama 21%. Mwezi wa pili ni wa kawaida kabisa. Kilichopandisha nukta zote mbili kimo ndani ya mwezi wa kwanza.

Tuseme kampuni inatoa ripoti ya robo mwaka ndani ya mwezi huo. Kati ya siku 21, tuzipe siku 20 mtikisiko wao wa kawaida wa 22%, na kinachobaki tukipe siku ya ripoti:

```
0.30² × 21/252 − 0.22² × 20/252 ≈ 0.00366
√0.00366 ≈ 6%
```

Soko linatarajia siku ya ripoti mchepuko wa 6%, ambao ni sawa na mwendo wa wastani wa takriban 4.8%, juu au chini. Hapo ndipo swali lenyewe lilipo. Ikiwa ripoti zilizopita zilisogeza hisa hii kwa wastani wa 3%, opsheni ni ghali. Zikiwa zilisogeza 7%, opsheni iliyo juu ya koni ni rahisi, na anayeiuza anajiumiza.

Koni isingeweza kuonyesha hilo kwa sababu ya ilivyojengwa. Ripoti huja kila baada ya siku 63 za soko hivi, kwa hiyo takriban theluthi moja tu ya vipindi vya siku 21 ndivyo vina ripoti ndani yake. Opsheni yenye ripoti inapimwa na rundo ambalo sehemu kubwa yake haina. Dawa yake ni kuchora koni ya vipindi vyenye ripoti peke yake, au kuitoa siku ya ripoti pande zote mbili kabla ya kulinganisha.

Upande wa muda mrefu una kasoro nyingine. Miaka 4 ina siku 1,008 za soko, nazo zinatoa vipindi 883 vya siku 126. Idadi hiyo inatia moyo hadi ukumbuke kwamba kila kipindi kinashiriki siku 125 na jirani yake. Visivyogusana ni 8 tu. Kubanana kwa koni upande huo kunatokana kwa sehemu na mtikisiko kujisawazisha, na kwa sehemu na uchache wa ushahidi, hivyo nukta ya miezi sita ikitoka nje kidogo ya mpaka haijathibitisha kitu. Ninachokitegemea zaidi kwenye koni ni tofauti kati ya nukta jirani: tarehe moja ya kuisha ikichomoza peke yake, kuna siku fulani ndani yake ambayo soko linailipia, na siku hiyo inaweza kutafutwa na kupimwa.