Pete Yangu Ni Dhahabu, Tatizo Ni Zebaki

Wale mliokwisha kusikia habari hii ya pete yangu kugeuka nyeupe kutoka kwa shoga yangu, naomba muiweke kando kwanza, kwa sababu yeye aliondoka kabla haijaisha, na sehemu aliyoikosa ameijaza mwenyewe. Mume wangu hakunioa kwa pete ya bandia. Dhahabu halisi hugeuka nyeupe ikiguswa na zebaki, na ili niwaeleze iligusana nayo vipi, sina budi kukiri mambo niliyoyafanya Jumamosi jioni nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu timamu.

Mwanangu wa miaka sita alikuwa na homa, nami nikatoa kwenye kabati kipimajoto cha kioo nilichorithi kwa marehemu mama, kile chenye mstari wa fedha ndani, kwa kuwa siku zote nimekiamini kuliko hivi vya betri. Kipimajoto cha namna hiyo hukung'utwa kabla ya kutumiwa, ili zebaki irudi chini. Shoga yangu alikuwa ameketi kitandani akitazama, na nadhani ndiyo sababu nilikikung'uta kwa madaha, mkono ukapanda hadi juu ya bega na kushuka kama wa nesi wa zamani. Uliposhuka mara ya tatu ulikutana na mbao ya kitanda.

Kioo kilivunjika kwa sauti ndogo sana. Kilichofuata ni vitone vya fedha vilivyoteleza juu ya marumaru, vikawa vinakimbizana, na mwanangu mwenye homa akaruka kutoka kitandani akipiga makofi. Hapo ndipo nilipochukua ufagio.

Naomba msimame nami hapa kidogo, maana hili ndilo kosa ambalo watu wengi wangelifanya. Zebaki haifagiliki. Kila unyasi wa ufagio ulipogusa kitone kimoja, kiligawanyika kuwa vitano, na vile vitano vikawa vumbi la fedha lililoingia kwenye mistari ya marumaru na kwenye msuko wa mkeka. Nilifagia kwa bidii, na kadiri nilivyofagia ndivyo zebaki ilivyozidi kuwa nyingi, ingawa kipimajoto kizima kilikuwa na takriban gramu moja tu, yaani kitu kisichozidi sana tone la maji kwa ukubwa. Mvuke wake ndio wenye madhara, nao hauna rangi wala harufu, kwa hiyo mtu huendelea kufagia kwa amani kabisa huku akiupa uso mpana zaidi wa kupandia hewani.

Nilipoona ufagio umeshindwa, niliinama. Kitone kimoja kikubwa kilikuwa kimebaki mguuni mwa kitanda, nami nikakisukumia kiganjani kwa kidole. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia, na hakikulowesha ngozi. Nikakiviringisha upande huu na upande ule ili mtoto aone, nikisema, "Tazama, mwanangu, hii ndiyo metali inayotiririka," kwa sauti ya mwalimu wa sayansi ambayo sijui niliitoa wapi. Kitone kikateleza hadi kwenye mzizi wa kidole, kikaigusa pete, na hakikuondoka. Nilikipangusa kwa kidole gumba. Nilipofungua mkono, nusu ya pete ilikuwa ya manjano na nusu ilikuwa nyeupe kama bati jipya. Nikasugua kwa kanga, weupe ukaenea. Shoga yangu aliinua macho kutoka kwenye pete, akayapeleka kwenye picha ya harusi ukutani, akayarudisha kwenye pete, kisha akasema kwa upole mkubwa, "Pole, mwenzangu. Wanaume!" Akachukua mkoba wake akaenda zake.

Nilimpigia mdogo wangu anayefanya kazi maabara. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, umefagia?" Nilinyamaza. La pili lilikuwa, "Mtoto yuko wapi?" Mtoto alikuwa peku, katikati ya chumba.

Aliyoniamuru yalikuwa rahisi, na ningeyajua mapema nisingekuwa hadithi ya mtaa. Kwanza nilimtoa mtoto, nikakagua nyayo zake, nikazima feni, nikafungua madirisha yanayotazama nje na kufunga mlango wa kuingilia sebuleni, ili hewa itoke badala ya kuzunguka nyumbani. Viatu nilivyokanyagia viliachwa pale pale. Nikavua pete na bangili, nikavaa glavu za mpira, nikaokota vipande vya kioo kimoja kimoja na kuviweka juu ya karatasi.

Kisha ikaja zebaki. Nilihitaji karatasi mbili ngumu, na iliyokuwa karibu ilikuwa kadi ya mchango wa harusi ambayo nilikuwa nimeikwepa kwa wiki tatu, basi nikaikata katikati. Kwa kadi moja unasukuma taratibu, kwa nyingine unapokea, na vitone vikikutana huungana vyenyewe. Taa ikazimwa, nikalala kifudifudi na kuishika tochi ya simu sambamba na sakafu, maana mwanga wa pembeni hukifanya hata kitone kidogo kama ncha ya sindano king'ae. Vile vikubwa nilivifyonza kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na vumbi la fedha nikalinasa kwa selotepu. Vyote viliingia kwenye kopo la siagi ya karanga lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na kioo na kadi. Ilichukua saa mbili, na saa moja na nusu kati ya hizo ilikuwa gharama ya ufagio.

Ufagio wenyewe uliingia kwenye mfuko wa plastiki. Mkeka nao vivyo hivyo, kwa kuwa zebaki iliyokwisha kuingia kwenye msuko haitoki, na kanga ikafuata, maana nguo yenye zebaki ikifuliwa huichafua beseni na maji machafu. Nilipouliza kama naweza kuvichoma uani pamoja na takataka nyingine, kama tufanyavyo wote hapa Mwanza, mdogo wangu alipaza sauti: moto huigeuza zebaki yote kuwa mvuke kwa mara moja, na mwenye kuuvuta ni yule anayechochea. Chooni pia haimwagwi, wala kwenye sinki.

Madirisha yalibaki wazi usiku kucha na kesho yake mchana wote, tukalala sebuleni kwa kubanana. Jumatatu nilimpigia afisa afya wa kata, akaniambia pa kulipeleka kopo, nikalipeleka likiwa limeandikwa ZEBAKI, USIFUNGUE. Homa ya mtoto, iliyopimwa kwa kipimajoto cha betri cha jirani, ilikuwa imeshuka.

Iliyobaki ni pete. Sonara aliitazama kwa lenzi yake, akaithibitisha kuwa ni dhahabu (nimemwomba arudie mbele ya mume wangu), kisha akakataa kuitia motoni. Alisema moto ungeutoa weupe wote, lakini ungeuingiza kifuani mwake, na kwamba anawajua waliokuwa wakichoma dhahabu yenye zebaki kwenye makarai huko machimbo ya Geita, hivyo hahitaji kuelezwa. Kwa sasa imefungwa ndani ya chupa, na kidole changu kiko wazi, jambo ambalo shoga yangu amelipokea kama ushahidi mpya.

Na mwenye ile kadi, aliyepiga simu jana kuuliza kama ilinifikia: ilinifikia, imenisaidia mno, na mchango nimetuma.