Mwenyekiti Ameshakutambulisha

Kwenye makongamano ya Kiswahili ninayohudhuria, mtoa mada kwa kawaida hupewa dakika 20: 15 za kusema na 5 za maswali. Sasa msikilize anavyoanza. "Mheshimiwa mwenyekiti, maprofesa mliopo, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wetu wapendwa, itifaki imezingatiwa." (Maneno hayo ya mwisho yaliletwa ili kuokoa muda. Siku hizi husemwa baada ya kumtaja kila mtu.) Kisha inakuja shahada ya kwanza, ya pili, idara, shukrani kwa waandaaji, shukrani kwa msimamizi. Mwisho anageukia slaidi na kutusomea neno kwa neno kichwa cha makala ambacho tumeshakisoma mara mbili tukimsubiri. Niliwahi kumpima mmoja kwa saa ya simu. Dakika mbili na ushei zilipita bila sisi kujua anachunguza nini.

Yote hayo mwenyekiti wa kikao ameshayasema. Ndiyo kazi yake, na wasifu wako alikuwa nao mkononi.

Kuna kitu kimoja tu katika utambulisho ambacho ningekirudia hata kama mwenyekiti amekitaja, nacho ni jina. Kwanza, wenyeviti huyakosea majina yetu. Pili, sekunde chache za mwanzo hupotea hata ufanyeje: viti vinasogezwa, kipaza sauti kinakoroma, na masikio bado yanazoea lafudhi yako. Msikilizaji wa Nairobi anahitaji sentensi moja au mbili kumzoea msemaji wa Lubumbashi, na kinyume chake. Kwa hiyo jina na salamu vikae hapo, kwenye sekunde ambazo hazibebi hoja. Ila usiseme "jina langu naitwa", hasa mbele ya wanasarufi.

Baada ya hapo, swali. Nitunge mfano. Tuseme makala yako inaitwa "Upatanisho wa Vimilikishi na Nomino za Viumbe Hai katika Insha za Wanafunzi wa Sekondari". Ukikisoma kichwa hicho, nusu ya ukumbi inafungua simu. Jaribu hivi:

"Asante mwenyekiti. Hamjambo. Naitwa Fulani. Tunasema *ng'ombe wangu amefika*, lakini tunasema *rafiki yangu amefika*. Wote wawili wana uhai, na kitenzi hakiwabagui. Kwa nini kimilikishi kinawabagua? Wanafunzi wa kidato cha pili wanaandika *rafiki wangu*, na mwalimu anaweka kalamu nyekundu. Mimi na mwenzangu tumesoma insha zao. Yeye alizikusanya, mimi nilizichambua. Tunadai kwamba kosa hili halitokani na kutojua sarufi. Mwanafunzi ameishika kanuni ya viumbe hai, akaipeleka hadi pale ambapo lugha yenyewe haikufika. Nitaanza na insha, kisha nitarudi kwenye kanuni."

Ukiyasoma kwa utulivu hayo yanaingia ndani ya dakika moja. Kila aliyesoma Kiswahili darasani ameshakutana na *rafiki yangu*, kwa hiyo hakuna anayehitaji nadharia ili aone tatizo. Mwandishi mwenza ametajwa, na tumejua nani alifanya nini, jambo litakalomwokoa mtu wakati wa maswali. Dai limetoka mapema. Hapa wengi hunipinga: ukitoa jibu mwanzoni, watasikiliza nini? Watasikiliza ushahidi. Aliyeshajua unadai nini anaweza kuupima kila mfano unaomwonyesha. Asiyejua anapokea mifano kumi bila kujua aiweke wapi.

Dakika ya kwanza iliyopotea huonekana mwishoni. Mwenyekiti anainua karatasi ya "dakika 5" nawe bado uko kwenye mapitio ya maandiko. Matokeo, ambayo ndiyo yaliyokuleta, yanasomwa kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Kisha swali la kwanza linakuwa: "Samahani, data yako ni ya nani hasa?"

Najua nitaambiwa kwamba kuruka itifaki ni kukosa adabu. Kwenye hafla ya ufunguzi, mgeni rasmi akiwa mezani, nakubali: wataje wote, kwa mpangilio wao. Lakini kwenye chumba cha watu 15, saa nane mchana, wengine watatu wakisubiri zamu zao baada yako, dakika unazozidisha zinatoka mifukoni mwao. Mimi huikariri dakika hiyo moja tu, yaliyobaki nayasema kwa kuangalia slaidi. Na kipaza sauti nakijaribu wakati wa chai, ili "mnanisikia?" isiwe sentensi yangu ya kwanza.