Shukrani Kwanza, Ofa Baadaye

Mwenye duka la kanga wa Darajani anayewaandikia wateja wake wa kudumu mwishoni mwa Disemba huwa na mambo mawili moyoni, kuwashukuru na kuwavuta warudi mwakani, na kwa maoni yangu barua nyingi huharibika kwa sababu jambo la pili hutangulia. Mteja akikuta punguzo katika mstari wa kwanza, shukrani zinazofuata huzisoma kama maneno ya kumlainisha.

Shukrani inafaa isimame peke yake, tena imtaje mteja kwa anachokijua. "Assalaamu alaykum Bi Fulani. Tunakushukuru kwa kutuamini na sare za harusi ya binti yako, na kwa kutuletea jirani zako" ni maneno yasiyoweza kupelekwa kwa mtu mwingine. Habari hizo zimo katika daftari la duka, ingawa daftari hilo hilo ndilo lenye madeni, na deni halitajwi kabisa katika barua hii, hata kwa utani.

Ofa ije karibu na mwisho, kwa sentensi moja iliyo wazi: "Baada ya Idi el Fitri, kila doti utakayonunua tutaiandika kwenye kadi yako, na ukifikisha doti kumi, ya kumi na moja utaipata kwa nusu bei." Hakuna haja ya herufi kubwa wala ya kumhimiza awahi. Utulivu huo, hata hivyo, usiwe wa kuficha masharti. Kama doti ya mkopo itahesabiwa pale tu itakapomalizwa kulipwa, mteja aambiwe siku anapokabidhiwa kadi, asije akagombana na kijana wa dukani akiwa na doti kumi mkononi.

Kabla ya kuahidi, hesabu ipigwe. Tuseme doti inanunuliwa kwa shilingi 12,000 na kuuzwa 15,000. Doti kumi zinaleta faida ya 30,000. Ya kumi na moja ikiuzwa 7,500 inatia hasara ya 4,500, na duka linabaki na 25,500. Angetoa punguzo la asilimia kumi kwa kila doti, lionekanalo dogo, angepoteza 1,500 kila mara, yaani nusu ya faida yake, na doti zote kumi na moja zingemwachia 16,500 tu, tena hata kwa mteja aliyepita mara moja asirudi.

Nimeiweka ofa baada ya Idi kwa makusudi. Katika Ramadhani watu hununua nguo za sikukuu hata bila kuvutwa, na kadi ikianza wakati huo duka litakuwa linalipia mauzo ambayo lingeyapata vyovyote vile, ilhali miezi inayofuata, biashara inapopoa, ndiyo inayohitaji mteja awe na sababu ya kupita.