Skripti ya usiku na barua ya kukataa

*Swali: Sisi ni shirika dogo Kilifi, waajiriwa wawili na kamati ya watu watano, tunalipia watoto karo ya sekondari. Maombi yako kwenye Google Sheets, na kila usiku skripti inapitia yale yaliyoandikwa INASUBIRI. Mwaka huu yamefika 212, nafasi ni 40. Tunaweza kuiacha itume barua za kukataa yenyewe, au lazima mtu awe katikati?*

Mtu awe katikati, isipokuwa kwa aina moja ya barua tutakayoifikia mwishoni. Lakini anayetaka mashine itume ana hoja nzito, na afadhali tuanze nayo.

Hoja yake ni muda. Mzazi anayejua leo kwamba amekosa bado anaweza kukimbilia basari ya kaunti au ya NG-CDF, kuuza mbuzi, au kuongea na mwalimu mkuu alipe karo kwa awamu. Anayeambiwa wiki moja baada ya shule kufunguliwa hana la kufanya. Kamati za watu watano wanaojitolea huchelewa, tena si kwa ubaya: kila mtu ana kazi yake, na hakuna anayependa kuandika barua 172 za kuvunja moyo. Kinachotokea ni kwamba waliopata wanapigiwa simu, na waliokosa wanaachwa wabashiri wenyewe. Ukilinganisha na huo ukimya, barua ya mashine ya saa nane usiku ina utu zaidi.

Hapo tunakubaliana. Tatizo ni kile ambacho skripti inakitazama. Ombi lililoandikwa INASUBIRI ni ombi lililopungukiwa na kitu, na skripti haijui nani amelipunguza. Huenda mwombaji hajaleta barua ya chifu. Huenda ameileta na kiambatisho kikaishia kwenye folda ya barua taka. Huenda msomaji wenu wa pili anayetoa alama bado hajafungua faili, mwombaji hana kosa lolote. Kwenye laha, yote matatu yanaonekana sawa: kisanduku kitupu.

Na kisanduku kitupu si jambo dogo kwa kompyuta. Skripti nyingi za namna hii zina mistari inayofanana na hii:

```javascript
var alama = mstari[5];
if (hali === "INASUBIRI" && alama < 60) {
  MailApp.sendEmail(anwani, "Matokeo ya ombi lako", barua);
}
```

Inasomeka vizuri, na mtu akiijaribu kwa mistari mitano aliyoijaza mwenyewe haitamletea shida. Sasa tuchukue watoto watatu. Wa kwanza hajasomwa; kisanduku chake ni kitupu. Apps Script, mfumo wa Google unaoendesha skripti hizi, inakileta kama maandishi yasiyo na herufi, na lugha yake, JavaScript, ikilinganisha maandishi hayo na namba huyahesabu kuwa sifuri. Sifuri ni chini ya 60, basi mtoto amekataliwa bila faili lake kufunguliwa. Wa pili amepata 72, ila msomaji ameandika `72%`. Google Sheets inahifadhi hiyo kama 0.72, nayo ni chini ya 60. Amekataliwa huku akiwa amefaulu. Wa tatu ameandikiwa `7/10` na msomaji aliyezoea kusahihisha kwa kumi. Laha inaigeuza kuwa tarehe, tarehe inahesabiwa kwa milisekunde tangu 1970, na namba hiyo ni kubwa kuliko 60 kwa mbali mno. Huyo hatakataliwa kamwe, hata kama saba yake ilistahili kupimwa upya.

Hakuna kati ya hayo matatu litakalotoa ujumbe wa kosa. Kumbukumbu ya skripti asubuhi itasema imemaliza salama.

Sehemu hii inarekebishika. Kabla ya kulinganisha chochote, uliza kama hiyo ni namba, na kama iko mahali inapotarajiwa:

```javascript
if (typeof alama !== "number" || alama < 1 || alama > 100) {
  pendekezo = "IKAGULIWE";
}
```

Mstari huo unawanasa wote watatu. (Utamnasa pia aliyepewa sifuri halali, na apitiwe tena, hakuna hasara.) Mtetezi wa mashine atasema basi, tumemaliza, kosa lilikuwa la fundi. Si kweli. Fundi huziba tundu analolijua. Tazameni safu ya anwani za barua pepe. Wazazi wengi hujaziwa fomu saiba, na mhudumu huweka anwani yake mwenyewe kwa kuwa mzazi hana au ameisahau nywila. Skripti iliyofundishwa kuondoa maombi yaliyorudiwa kwa kutazama anwani itaona ile moja mara kumi na nne, itabakiza mtoto mmoja na kuwakataa kumi na watatu. Barua zote kumi na tatu zitaingia kwa mhudumu wa saiba. Mtu anayeishi Kilifi akiutazama mstari huo hahitaji hata nusu dakika kuelewa kilichotokea. Ujuzi huo hauko ndani ya laha, na ndiyo sababu ya kwanza ya kumweka mtu katikati.

Sababu ya pili ni barua yenyewe. Karibu kila barua ya kukataa huanza na “Kamati imepitia ombi lako kwa makini.” Skripti ikiituma bila kamati kulipitia, shirika limesema uongo kwa maandishi, kwa jina la watu watano ambao hawakuulizwa. Madaraka ya kukataa mmeipa kamati. Aliyeandika skripti hakupewa. Kikitokea cha kulalamikiwa, swali la kwanza la mfadhili litakuwa nani aliamua, na jibu “iliamua usiku” halina mwenyewe.

Sheria nayo ipo, na haijali kama mashine yenu ni ya kisasa au ni `if` moja. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi unaotegemea uchakataji wa kiotomatiki peke yake, pale uamuzi huo unapomgusa kwa kiasi kikubwa. Karo ya mtoto inagusa. Kuna nafasi chache zinazoruhusu, mojawapo ikiwa ridhaa ya mhusika, lakini hata hapo kuna masharti: ni lazima mtu aarifiwe kwa maandishi kwamba uamuzi ulifanywa na mashine pekee, naye anaweza kuomba ufikiriwe upya. Kwa maneno mengine, mkiikwepa kazi ya kusoma mwanzoni, mnaweza kudaiwa kazi hiyo mwishoni, faili moja moja, na mzazi aliyekwisha kukasirika.

Kwa hiyo gawanyeni kazi hivi. Usiku skripti haitumi kitu kwa mwombaji, inajaza safu mbili, PENDEKEZO na SABABU, na sababu iwe sentensi inayosomeka: “Alama 48 na 52, wastani 50, chini ya 60.” Asubuhi mtu aliyeteuliwa na kamati anafungua mistari iliyopendekezwa, anatazama faili, kisha anaandika herufi za jina lake kwenye safu AMEIDHINISHA. Mchana, kazi nyingine ya skripti inatuma barua kwa mistari yenye herufi hizo na ambayo safu yake ya IMETUMWA bado ni tupu.

Hiyo safu ya IMETUMWA ijazwe mstari kwa mstari, mara tu kila barua inapoondoka, wala isisubiri mwisho. Akaunti ya Gmail ya bure inaruhusu skripti kutuma kwa wapokeaji 100 kwa siku. Mkiwa na barua 172, ya 101 itaangusha skripti kwa ujumbe `Service invoked too many times for one day: email`. Kama alama za “imetumwa” zilikuwa zikisubiri kuandikwa zote kwa pamoja, hakuna hata moja iliyoandikwa, na kesho wale mia watakataliwa mara ya pili huku 72 wakiendelea kusubiri. Skripti pia hukatwa ikizidi dakika sita, na matokeo ni yale yale.

Ubishi wa mwisho wa upande wa pili ni kwamba mtu huyo wa asubuhi atageuka muhuri tu. Ni kweli, na ndio udhaifu mkubwa wa mpango huu. Mtu mwenye mistari 172 mbele yake ataandika herufi zake kwenye wa kwanza na kuziburuta hadi chini. Dalili yake inaonekana: historia ya laha itaonyesha idhini zote zimeingia dakika moja. Dawa ni kupunguza mzigo. Toeni mistari 30 kwa siku. Kwa dakika mbili kila mmoja hiyo ni saa moja, na siku sita zinatosha kwa 172. Na kila fungu la 30 liwe na angalau baadhi ya zile IKAGULIWE, maana hizo haziburutiki.

Kuhusu kuchelewa kwa kamati, skripti mnayo tayari: igeuzeni iwasumbue wasomaji. Msomaji mwenye faili lililokaa siku tano apate ujumbe kila asubuhi, na mwenyekiti apate nakala siku ya nane. Kazi hiyo mashine inaiweza bila kumdhuru mtoto.

Sasa ile barua moja. Ombi likikosa hati ambayo mwombaji mwenyewe anadaiwa, akakumbushwa mara mbili, mara moja kwa SMS na si barua pepe peke yake, na siku zikapita, skripti inaweza kutuma yenyewe. Lakini isiite hiyo kukataliwa. Iseme faili limefungwa kwa kukosa barua ya chifu, na litafunguliwa tena ikifika ndani ya siku 14. Hapo mashine haikupima mtoto. Imesema tu kilichokosekana, na ikikosea, mzazi anaweza kusahihisha kwa kutuma picha ya hati. Hata hiyo isitumwe kama msomaji hajathibitisha kwenye laha kwamba alitafuta hati hiyo kwenye barua taka.

Angalieni pia majibu yatakwenda wapi. `MailApp` hutuma kutoka kwa akaunti ya aliyeweka ratiba ya usiku, mara nyingi kijana wa kujitolea aliyewasaidia mwaka jana. Mzazi akibonyeza “Jibu” kuambatisha barua ya chifu, inaingia kwake. Wekeni `replyTo` yenye anwani ya ofisi kabla ya barua ya kwanza kutoka, na mjaribu kwa kujibu barua moja wenyewe.