Nani alilewa, mgeni au nahodha?

Kazi za wageni hapa Lamu zinawalazimu wengi wetu kuandika Kiingereza kila siku. Tuseme mtu wa nyumba ya wageni anamwandikia wakala aliye Ulaya:

"After drinking too much, the captain took the guest back to Shela."

Alikusudia kusema kwamba mgeni ndiye aliyelewa, nahodha akamrudisha Shela. Alichoandika ni kwamba nahodha alilewa, kisha akaendesha boti na mgeni wa watu ndani. Wakala hayupo hapa kumjua nahodha. Atampa mwingine kazi, na huyu atakosa riziki bure bilashi.

Shida iko kwenye "drinking", kwa kuwa haina kiambishi cha nafsi. Kitenzi kilicho uchi namna hiyo hutafuta mwenyewe, na kanuni ya Kiingereza humpa kiima cha sentensi kuu, yaani yule anayetajwa baada tu ya mkato. Hapa ni nahodha.

Sisi ngeli hutukinga. Tukisema "ikiwa imejaa maji, nahodha aliivuta boti ufukoni", ile "i" inatosha kuonyesha kilichojaa ni boti. Andika "Full of water, the captain pulled the boat ashore" uone: aliyejaa maji ni nahodha! Ila tusijisifu sana. "Baada ya kulewa, nahodha alimrudisha mgeni" ina ugonjwa uleule, maana "kulewa" nayo haina mtu. Barazani haituletei taabu kwa sababu wote tunajua nahodha yule hagusi pombe.

Wengi wakionyeshwa kosa hukimbilia kukipeleka kifungu mwishoni: "The captain took the guest back to Shela after drinking too much." Hakijapona. Kiima bado ni nahodha, kwa hiyo mlevi ni yeye. Kinachosaidia ni kumtaja mnywaji ndani ya kifungu: "After the guest had drunk too much, the captain took him back to Shela." Au mgeni afanywe kiima: "After drinking too much, the guest was taken back to Shela by the captain." Kuna walimu wanaoikataa kauli ya kutendwa kila inapojitokeza, lakini hapa ndiyo inayomwokoa mtu.

Mimi nalaumu insha za shuleni, zile tulizosifiwa kwa kuanza sentensi na "-ing" ili zipendeze. Kwenye taarifa ya kazi urembo huo wa nini? Ningeandika hivi: "The guest drank too much. The captain took him back to Shela." Atakayesema hicho ni Kiingereza cha watoto na aseme, mradi wakala hatauliza nani alikuwa mlevi.